Januari bila mkeka: kisa cha dereva teksi wa Sinza

Gari ninaloendesha ni Toyota IST inayotumia gesi, mali ya bosi mmoja wa Kinondoni. Hesabu yake ni shilingi 30,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ni yangu. Kijiwe chetu kiko Sinza, lakini abiria wengi siku hizi wanakuja kwa programu ya simu, kwa hiyo kutwa nzima simu iko mbele yangu kwenye dashibodi, imewashwa, ina bando na ina hela. Ninaoishi nao ni mama watoto, ambaye ana genge la mboga na matunda, na watoto wetu wawili wa shule ya msingi. Nilibeti kwa miaka kadhaa. Mwisho wa Desemba 2024 nilikuwa nadaiwa hesabu za siku sita na bosi, yaani 180,000, kikoba cha kijiweni kilikuwa kinanidai 100,000, na kampuni ya simu 46,000 kupitia ile huduma yao ya kukamilishia muamala pale salio lisipotosha.

Hiyo huduma ya mwisho ndiyo iliyonishtua kuliko madeni mengine. Kila abiria akinilipa kwa simu, hela inaingia na papo hapo inakatwa deni. Nimempeleka mtu Mbezi Beach kwa elfu kumi na mbili, nafungua salio nakuta elfu mbili. Nikawa nafanya kazi ya kulipia mikeka iliyokwishachanika.

Jumapili tarehe 5 Januari niliomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba, nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa na kuanza kujumlisha kwa kalamu. Nilizopeleka kwenye kampuni za kubeti: 1,140,000. Zilizorudi: 415,000. Pengo ni 725,000. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa tofauti kabisa. Nilikuwa nakumbuka vizuri ile 160,000 ya Novemba, nakumbuka hata niliinunulia nini, lakini zile elfu moja moja na elfu mbili mbili sikuwa nazikumbuka, na ndizo zilizojaza kurasa.

Kisha nikafanya jambo ambalo mwezi mzima uliofuata ulilitegemea. Karibu na kila muamala kuna saa, basi nikazipanga kwa saa. Nilitarajia kukuta rundo kubwa Jumamosi na Jumapili, kwa sababu mimi ni mtu wa mpira na kila siku nilikuwa nasema nabeti kwa mapenzi ya mpira. Jumapili, siku ninayokaa nyumbani na mpira unaoneshwa mchana kutwa, ilikuwa karibu tupu. Rundo lilikuwa katikati ya wiki, saa nane hadi saa kumi alasiri, halafu tena kuanzia saa nne usiku. Jumanne saa tisa alasiri hakuna ligi yoyote ninayoijua inayochezwa. Hapo nilikuwa nacheza kindege, kile kinachopaa na hela inapanda mpaka kitakapopotea ghafla, au nabeti timu za vijana wa nchi ambayo siwezi kuionesha kwenye ramani.

Sasa saa nane hadi saa kumi kwa dereva wa Sinza ni saa gani? Ni saa ya foleni ya gesi. Ni saa ya kuegesha chini ya mti kusubiri watu watoke kazini. Na saa nne usiku ndiyo saa ya kuhesabu: nina ngapi mkononi, hesabu imetimia au haijatimia. Kwa hiyo kisa changu kilikuwa na sehemu mbili, kusubiri na kupungukiwa hesabu, na mpira ulikuwa kisingizio tu. Kama nisingeziangalia zile saa, ningeanza kwa kujinyima mechi za Jumamosi, siku ambayo hata haikuwa na tatizo.

Usiku ule ule nilimwonesha mama watoto daftari. Alisoma kimya, akauliza swali moja, "Hizi ni pamoja na ile ya ada ya Septemba?" Nikamwambia hizi zinaanzia Oktoba. Sikulala vizuri, na yeye pia.

Asubuhi tulipanga. Ushauri wa kwanza wa watu wote kijiweni ni "nunua kitochi, achana na simu janja." Kwa fundi ujenzi huenda ikafaa. Mimi bila simu janja sipati abiria wa programu, na zaidi ya hapo kitochi hakizuii kitu, maana kampuni nyingi zinapokea dau kwa menyu ya nyota na reli bila hata intaneti. Tukaona simu ibaki, hela ndiyo ihame. Genge la mama watoto lina lipa namba. Tukabandika ile namba kwenye dashibodi na nyuma ya kiti changu, abiria wa simu wote walipe huko. Meseji ya malipo inaingia kwa mama watoto, naye ananipigia au ananitumia neno "imeingia". Pesa taslimu zinabaki kwangu kwa gesi na chakula. Jioni anatuma hesabu kwa bosi moja kwa moja kutoka kwake.

Kuhusu akaunti za kubeti, nilikuwa na tatu. Moja ilikuwa na salio la shilingi 1,300, na nataka kulisema hili kwa sababu linawanasa wengi: salio dogo lisilofikia kiwango cha chini cha kutoa linakuita urudi "ulimalizie". Niliandikia huduma kwa wateja wa kila kampuni, nikaomba akaunti ifungwe moja kwa moja kwa sababu nimeshindwa kujizuia, na salio walichukue. Wawili walifunga ndani ya siku chache. Wa tatu alinijibu kwa kunipa bonasi ya kuendelea kucheza. Nikaandika tena, nikasema wazi kwamba kamari inaniharibia nyumba, na safari hiyo ikafungwa. Namba zao za meseji nikazizuia kwenye simu moja baada ya nyingine. Kuna udhaifu hapa ambao niliujua tangu siku ile: kufungua akaunti mpya kwenye kampuni nyingine ni kazi ya dakika moja. Kufunga akaunti kunakununulia dakika tu.

Kuanzia hapo nanakili daftari lilivyo, nikiacha siku ambazo hazikuwa na jambo.

*Jumanne, 7 Januari.* Foleni ya gesi Ubungo. Nimekaa kwenye foleni karibu masaa mawili. Mikono haina kazi. Nimefungua simu mara sijui ngapi bila sababu, nafunga, nafungua. Jamaa wa gari la mbele yupo kwenye kindege, nasikia hadi sauti yake. Nikashuka nikaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilipofika kwenye pampu nilikuwa na hasira na kila mtu, hata yule binti wa kujaza.

*Alhamisi, 9 Januari.* Usingizi hakuna. Naamka saa tisa usiku kuangalia matokeo ambayo sina mkeka wake. Mama watoto anauliza, nasema joto.

Wiki hiyo ya kwanza ndiyo nilimfuata shemeji, dada yake mama watoto, ambaye ni muuguzi. Sikutaka kwenda, nilihisi atanisema. Aliniuliza maswali mawili tu: umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Na umewahi kujikuta unahitaji kuweka dau kubwa zaidi na zaidi? Nikajibu ndiyo na ndiyo. Akasema kwao maswali hayo mawili yanatosha kumwambia mtu akae chini na mtaalamu. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari ya namna hii kwenye orodha ya maradhi, na kwamba kukosa usingizi na hasira za wiki ya kwanza zinatokea kwa wengi wanaoacha. Neno lake lililonisaidia kikazi ni hili, "Shemeji, hamu ikija usipigane nayo. Tazama saa. Kwa watu wengi inapanda, inafika kileleni, inashuka ndani ya nusu saa. Wewe kazi yako ni kuhakikisha ndani ya hiyo nusu saa huna hela ya kuweka." Akaongeza kwamba nikianza kuwaza kujidhuru kwa sababu ya madeni nisisubiri, niende kliniki ya afya ya akili ya hospitali siku hiyo hiyo. Sikufika huko, lakini nawajua madereva waliokaribia.

*Jumatatu, 13 Januari.* Nimebadili saa ya gesi. Najaza saa kumi na moja alfajiri, foleni fupi, nusu saa naondoka. Saa nane mchana sasa sina sababu ya kwenda Ubungo.

Huu ndio ushindi mdogo wa kwanza ninaoweza kuuita hivyo, na haukuhitaji moyo wa chuma hata kidogo. Nilihamisha foleni kutoka saa ambayo nimechoka na nina hela ya nusu siku, nikaipeleka alfajiri ambako mfukoni mna hela ya gesi tu na macho yana usingizi. Pale chini ya mti nako nikapata kazi ya mikono: nasafisha gari ndani, napuliza mikeka ya miguuni, nafuta vioo. Abiria wakaanza kusifia. Mwenzangu mmoja akasema, "Siku hizi gari inanukia, umepata mchepuko nini?"

*Jumamosi, 18 Januari.* Yanga na MC Alger kwa Mkapa. Nimepeleka watu uwanjani mchana, nimesubiri Temeke kuwarudisha. Suluhu, 0–0, Yanga wametolewa Ligi ya Mabingwa. Abiria wangu wanne wa kurudi Mwenge hawakusema neno mpaka Tazara, halafu mmoja akasema alikuwa ameweka elfu hamsini Yanga ashinde. Nilitaka kumwambia. Sikusema.

Siku ile sikuwa na shida kabisa. Mpira mkubwa, makelele, watu wanabeti kushoto na kulia, na mimi moyo umetulia, kwa sababu nilikuwa na safari juu ya safari. Nilirudi nikaandika pembeni: "Kazi ikiwepo, hamu haipo." Ile taarifa ya miamala ilikuwa imesema ukweli.

Siku ngumu ilikuja ilipokuja, na haikuwa na vishindo.

*Jumanne, 21 Januari.* Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi za saa tatu kasorobo na za saa tano usiku. Safari zimekatika toka saa mbili. Kijiwe kiko karibu na kibanda umiza, mlango wazi, sauti yote inakuja. Nimesuka mkeka kichwani: Atalanta, Liverpool, Barcelona. Sijaweka hela. Nimesema najaribu tu kuona.

Mkeka wa kichwani sikuwa nimeutegemea, na hakuna aliyenionya. Unajiambia hujavunja kitu, hela haijatoka. Kijana anayenishikia gari nikiumwa, deiwaka wetu, alikuwa ameweka timu hizo hizo tatu kwa elfu tano ya kweli. Atalanta wakamfunga Sturm Graz 5–0. Liverpool wakamaliza 2–1 dhidi ya Lille. Barcelona kule Lisbon walikuwa nyuma 3–1 mapumziko, mimi nikapumua, nikasema heri sikuweka. Halafu wakarudi, na dakika ya 96 Raphinha akafunga, Benfica 4, Barcelona 5. Kijana akaruka mpaka kofia ikadondoka. Mkeka ulikuwa na odi kama 2.9, akapata elfu kumi na nne na ushee kabla ya kodi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepoteza elfu kumi na nne ambazo sikuwahi kuwa nazo. Ndivyo nilivyoandika, na ndivyo nilivyohisi kabisa, kama nimeibiwa. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko wiki yote ya kwanza. Mkeka wa kichwani ukichanika unakuambia umeponea, ukitiki unakudai. Kwa vyovyote unakurudisha mchezoni, na haukugharimu kitu, kwa hiyo unaweza kusuka mwingine kesho.

*Jumatano, 22 Januari.* Deiwaka kaweka yote ya jana, elfu kumi na nne, Bayern na Manchester City. Feyenoord 3, Bayern 0. City walikuwa wanaongoza 2–0 Paris, wamefungwa 4–2. Leo anakopa ya chakula.

Sikufurahia. Nilichofanya asubuhi yake ni kukaa naye kwenye gari na kalamu, kwa sababu hesabu ya mikeka nilikuwa nimeshaifanya peke yangu na nilitaka kuona kama inaeleweka nikimweleza mtu. Tulichukua mechi yoyote kwenye simu yake. Mwenyeji ashinde 2.10, sare 3.30, mgeni ashinde 3.40. Nikamwambia gawa moja kwa kila odi. Ukigawa kwa 2.10 unapata 0.476, kwa 3.30 unapata 0.303, kwa 3.40 unapata 0.294. Jumlisha: 1.073. Kama kampuni ingekuwa inacheza haki bin haki, jumla ingekuwa 1 kamili, maana moja kati ya hayo matatu lazima litokee. Ile 0.073 ya juu ni ya mwenye duka. Maana yake kila shilingi 1,000 unayoweka kwenye mechi kama hiyo, kwa wastani wa muda mrefu, inarudi kama 932.

"Si mbaya," akasema. Kwa mechi moja kweli si mbaya sana. Lakini sisi hatuweki mechi moja. Mkeka wa mechi kumi unazidisha kile kipunguzo mara kumi, 0.932 mara 0.932 mara 0.932 mpaka kumi, na inabaki 0.49 hivi. Yaani kabla mpira wa kwanza haujapigwa, elfu yako ina thamani ya kama mia nne tisini. Na tukasema hata uwe mjuzi wa mpira, kila timu unayochagua ina nafasi 70 katika 100 ya kushinda. Timu kumi zote zishinde pamoja ni kama mikeka 3 katika 100. Katika ile 97 iliyobaki, kama 35 itachanwa na timu moja au mbili tu, na hapo ndipo penye mtego. Mkeka uliochanwa na timu moja unauona kama ulikaribia, unauonesha watu, unamtukana kipa. Haukukaribia chochote, umelipwa sifuri sawasawa na uliochanwa na timu nane.

Kijana alielewa hesabu yote, akaikubali, na jioni akaweka mkeka wa mechi tisa. Naandika hili kwa sababu mimi pia nilikuwa najua kugawa miaka yote ile. Hesabu haikunizuia mimi, isingemzuia yeye. Kilichonifaa kwayo ni kimoja: ilinifundisha kutouhesabu mkeka wa kichwani kama hasara. Zile elfu kumi na nne za Barcelona zilikuwa zimeshapangiwa kufia kwa Bayern.

Baada ya usiku ule niliongeza kanuni moja. Jumanne na Jumatano ikifika saa nne usiku bila safari, naondoka kijiweni. Ama naenda nyumbani, ama naenda stendi ya Magufuli kule Mbezi, ambako mabasi ya mikoani yanaingia hadi usiku wa manane siku hizi na watu wanashuka na mizigo. Pale husubiri sana; basi likiingia, kazi ipo.

*Jumatatu, 27 Januari.* Mkutano wa wakuu wa nchi wa nishati. Barabara za mjini zimefungwa, watumishi wameambiwa wafanyie kazi nyumbani. Safari tatu tu mpaka saa kumi.

*Jumanne, 28 Januari.* Hivyo hivyo. Nina elfu kumi na moja. Hesabu 30,000.

Siku hizo mbili ndizo zilizokuwa hatari ya kweli ya mwezi. Jiji zima limetulia, abiria wa Posta hawapo, misafara inapita, sisi tumeegesha. Kusubiri kutwa na kupungukiwa hesabu vimekuja pamoja, yale mambo mawili ya kwenye taarifa yangu. Na wazo lilikuja kwa sauti ya busara kabisa. Halikusema "kabeti". Lilisema: una elfu kumi na moja, pungufu elfu kumi na tisa, weka elfu tano kwenye odi ya sita, hesabu imepatikana, bosi hana neno. Nadhani watu ambao hawajaendesha gari la hesabu hawaelewi hili. Wanadhani mtu anakimbizia utajiri. Wengi wetu tunakimbizia pungufu ya leo.

Saa tatu na nusu usiku nilikuwa nimefungua ukurasa wa kujisajili wa kampuni mpya. Hela taslimu ilikuwa mfukoni, lakini kwenye laini yangu mlikuwa na shilingi mia nne. Ili niweke ilibidi niende kwa wakala, na wakala wa karibu ni yule anayemjua mama watoto kwa jina. Nikakaa ndani ya gari nikatazama saa kama alivyosema shemeji. Kabla ya nusu saa haijaisha mama watoto akapiga.

"Baba watoto, umepata ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi njoo. Ile ya akiba natuma sasa hivi."

Katika wiki ya pili tulikuwa tumeanza kutenga elfu tano tano kwenye kibubu chake, tukakubaliana ni hesabu ya siku moja mbaya na haiguswi kwa jambo jingine. Ilikuwa imefika 30,000. Jumatatu nilikuwa nimepeleka kwa bosi elfu ishirini na kumpigia mapema kabla hajanipigia, akasema anajua barabara zimefungwa, gari zake nyingine nazo hivyo hivyo. Jumanne akiba ikajazia. Kati ya vyote tulivyofanya mwezi ule, nikiambiwa nibaki na kimoja, nitabaki na hiyo akiba ya hesabu. Kufunga akaunti kulinipa dakika, lipa namba ya genge ikanipa nusu saa. Akiba iliondoa sababu yenyewe.

*Jumatano, 29 Januari.* Mechi 18 za Ulaya kwa wakati mmoja, saa tano usiku. Nimekuwa Magufuli. Nimepeleka familia ya Singida hadi Tabata, kisha mzee mmoja na magunia mawili ya karanga hadi Manzese. Liverpool wamefungwa na PSV 3–2, nimesikia redioni. Sikusuka chochote.

Miezi miwili nyuma usiku wa mechi 18 ungekuwa sikukuu yangu. Sijui kama ningepitisha usiku huo kijiweni, na sikutaka kujua.

Lipa namba ya genge nayo ilikuwa na kero zake. Kuna abiria waliokataa kulipa wakiona jina la mwanamke, wanadhani ni utapeli. Mara mbili mtandao ulichelewa na mama watoto hakupata meseji, abiria amesimama mlangoni ananiangalia kama mwizi. Na yeye akaanza kujua ninakopita. "Ulikuwa Masaki saa nane, mbona gesi haijaisha?" Kuna jioni tuligombana juu ya hilo, nikamwambia mimi si mtoto. Tulichofikia ni kwamba haulizi safari, anauliza jumla tu saa tatu usiku, na mimi simfichi jumla. Pia pesa taslimu ilibaki tundu. Duka la jirani na kijiwe lina mashine ya sarafu, ile ya kutumbukiza mia mbili mia mbili. Haikuwahi kuwa ugonjwa wangu, lakini wiki ya tatu nilijikuta nimeisimamia, naangalia mtoto wa watu akicheza, kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Sasa soda nanunua duka la ng'ambo.

*Jumapili, 2 Februari.* Arsenal 5, City 1. Nimeangalia mpira wote nyumbani na mwanangu wa kiume, toka mwanzo hadi mwisho. Aliniuliza, "Baba, leo mbona huangalii simu?"

Jumatano tarehe 5 Februari niliomba tena taarifa ya miamala. Kwenye kampuni za kubeti: hakuna. Bosi nimempunguzia 110,000 kwa mtindo wa elfu tano juu ya hesabu, siku zilizoruhusu, imebaki 70,000. Deni la kampuni ya simu limekwisha, na ile huduma nimeiomba waifunge. Kikoba nimetoa 40,000. Madaftari na sare za watoto zililipwa kwa wakati, ingawa viatu vya mmoja vilingoja hadi mwisho wa mwezi. Kipato chenyewe hakikuongezeka, Januari ni Januari. Usingizi ulirudi kama wiki ya tatu. Hamu bado inakuja, hasa mvua ikinyesha na safari zikakatika, na sioni dalili kwamba itaniaga rasmi siku moja.

Mama watoto aliniuliza kama sasa nataka malipo yarudi kwenye laini yangu. Tukapiga hesabu: kwa elfu tano kwa siku, deni la bosi litaisha mwishoni mwa Februari, na kikoba kitafuata Machi. Nikamwambia namba ya genge ibaki kwenye dashibodi mpaka hayo yote mawili yaishe, halafu tutaangalia taarifa nyingine ya miamala ndipo tuamue. Akasema kama ni hivyo, stika ya nyuma ya kiti imeanza kubanduka, nikapite kwa wakala nichukue mpya.